Miezi Mitatu Kabla ya Sahihi

Tuseme kampuni ya kuuza saruji imefunga hesabu zake tarehe 31 Desemba, na mkaguzi atatia sahihi ripoti yake tarehe 28 Machi. Mizania inaonyesha mteja mmoja anadaiwa shilingi milioni 80. Mwezi wa Februari mteja huyo anatangazwa amefilisika. Wiki hiyohiyo ghala linaungua.

Mambo haya mawili hayatendewi sawa. Mtu hafilisiki kwa usiku mmoja. Kwa kawaida hali yake ilikuwa mbaya tangu Desemba, hivyo deni lile lazima lipunguzwe katika hesabu zenyewe. Moto ni tukio jipya. Siku ya mizania ghala lilikuwa zima, kwa hiyo tarakimu hazibadilishwi, ila hasara ikiwa kubwa huelezwa kwenye maelezo ya hesabu.

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 560 kinamtaka mkaguzi ayatafute matukio hayo mpaka siku ya ripoti. Husoma mihtasari ya vikao vya bodi, huwauliza wakurugenzi, na hupata tamko lao la maandishi. Binafsi naamini taarifa ya benki ya Januari na Februari husema zaidi: mdaiwa aliyelipa anaonekana, na asiyelipa pia.

Baada ya sahihi halazimiki kuendelea kutafuta. Lakini akijua jambo ambalo lingebadili ripoti yake, huzungumza na uongozi. Hesabu zikirekebishwa, hutoa ripoti mpya.