Matundu ya Karatasi Iliyokunjwa

Kamata karatasi yenye pande nne sawa, kila upande sentimetri 20. Kwa rula na kalamu ya risasi, igawe vyumba 16, kisha uviandike hesabu zake hivi:

1 – 2 – 3 – 4
5 – 6 – 7 – 8
9 – 10 – 11 – 12
13 – 14 – 15 – 16

Weka karatasi mezani, hesabu ziangalie juu. Kunja nusu ya kuume, uilaze juu ya nusu ya kushoto. Kisha kunja nusu ya juu, uilaze juu ya nusu ya chini. Sasa karatasi imekuwa ndogo, sentimetri 10 kila upande, na hesabu zote zimefichwa ndani. Chini kabisa, juu ya meza, vimelala vyumba ambavyo havikuondoka mahali pake: 9, 10, 13 na 14.

Toboa kwa msumari katikati ya chumba cha 9, hata ncha itokee upande wa pili. Usikunjue bado. Swali ni hili: karatasi ikikunjuliwa, matundu yatakuwa mangapi, na katika vyumba gani?

Mtoto mmoja alijibu upesi: «Matundu manne, katika vyumba 9, 1, 11 na 3.»

Mwalimu akamwambia: «Manne ni kweli. Lakini mahali pake umekosa. Kunjua, utazame.»

Mtoto akakunjua, akaona matundu katika 9, 5, 12 na 8. Akashangaa. Alikosa wapi?

Alidhani nusu ya karatasi imesukumwa tu, kama vile mtu anavyosukuma sahani juu ya meza. Lakini karatasi inayokunjwa haisukumwi, inapinduliwa. Unganisha viganja vyako viwili, kisha vifungue kama kitabu, vidole vidogo vikibaki pamoja. Vidole vidogo ni jirani, lakini vidole gumba vimekwenda mbali, kila kimoja upande wake. Mstari wa mkunjo ni kama vile vidole vidogo: kilicho karibu nao upande huu kitakuwa karibu nao upande wa pili, na kilicho mbali kitakuwa mbali vilevile.

Basi mwenye kutaka kujibu vema akunjue katika mawazo yake, mkunjo mmoja mmoja, akianza na ule wa mwisho. Hapa mkunjo wa mwisho ni ule wa juu kwenda chini. Tundu la 9 liko sentimetri 2 na nusu chini ya mstari wake. Kwa hiyo tundu la pili liko sentimetri 2 na nusu juu ya mstari, ndani ya 5, wala si ndani ya 1. Halafu unakuja mkunjo wa kwanza. Matundu ya 9 na 5 yako sentimetri 7 na nusu kushoto kwa mstari wa katikati. Wenzao watakuwa sentimetri 7 na nusu kuume, ndani ya 12 na 8.

Wengine husema: kila mkunjo huongeza matundu mara mbili. Si sikuzote. Kamata karatasi nyingine yenye vyumba vilevile, ukunje pembe ya juu ya kuume tu, ncha yake ifike katikati kabisa ya karatasi. Ukitoboa chumba cha 7, msumari unapita karatasi mbili, na ukikunjua utaona matundu katika 7 na 4. Lakini ukitoboa chumba cha 9, tundu ni moja tu, kwa sababu pembe haikufika pale. Kwanza hesabu karatasi ngapi zimelala chini ya msumari.

Angalia tena ukingo wenye mkunjo. Mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitia swali la namna hii kati ya majaribu yao ya akili. Karatasi ilikunjwa mara mbili, ikachorwa pembe tatu ndogo penye ukingo wa mkunjo, kana kwamba itakatwa pale. Aliyeulizwa alipaswa kuchora jinsi karatasi itakavyokuwa ikikunjuliwa, bila kuishika. Karatasi zilikuwa nne, lakini matundu hayakuwa manne. Yalikuwa mawili, kila moja lenye pembe nne, kwa kuwa penye mkunjo kila tundu ni nusu mbili zilizoungana.

Maulizo

1. Karatasi imekunjwa kama ile ya kwanza. Msumari umetoboa chumba cha 14. Matundu yako katika vyumba gani?

2. Wataka matundu manne katika pembe nne za karatasi, yaani 1, 4, 13 na 16. Utatoboa wapi?