Chupa Nane Ambazo Hazipo

Jioni moja niliingia duka kubwa la mtaani kwetu kununua mafuta ya nazi ya nywele. Nafasi yake kwenye shelfu ilikuwa tupu, kibandiko cha bei kikiwa pale pale. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akipanga sabuni. Akaenda kutazama kwenye kompyuta, akarudi akitabasamu. "Yapo, dada. Mfumo unaonyesha chupa nane." Akaingia stoo, akatoka mikono mitupu. Akapekua nyuma ya shampuu, akainama kuchungulia shelfu ya chini. Mwisho akaniambia nipite kesho. Nilipita baada ya wiki nzima: nafasi bado tupu, na kompyuta bado inasema nane.

Tumeshasikia sana habari za watumishi hewa, majina yanayolipwa mshahara bila mtu nyuma yake. Madukani nako kuna bidhaa hewa. Zimo kwenye hesabu, zina idadi na thamani, ila hazipo shelfuni wala stoo. Mteja huondoka bila kitu. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba kosa hili halijirekebishi lenyewe. Linaweza kukaa miezi bila mtu kulisikia.

Kompyuta ya duka haina macho. Inajumlisha mzigo unapopokelewa na kutoa kila keshia anapopitisha bidhaa kwenye mashine. Yanayotokea katikati bila kuandikwa haiyajui. Chukua hayo mafuta ya nazi. Kartoni moja ilifika ikiwa imefunguliwa, pungufu chupa mbili, lakini mpokeaji akasaini idadi iliyoandikwa kwenye hati ya mzigo. Siku nyingine chupa tatu zikapasuka stoo. Sakafu ikapigwa deki, na daftari la vilivyoharibika halikufunguliwa. Moja ikaibwa. Hizo ni sita.

Mbili za mwisho zilipotea kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Mteja alifika kaunta na chupa mbili za mafuta ya nazi na mbili za parachichi, za kampuni moja na bei moja. Foleni ilikuwa ndefu. Keshia akaokota ya parachichi, akaipitisha mara nne, akaendelea na mteja mwingine. Pesa ilikuwa sahihi na droo ikalingana jioni, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini kompyuta imetoa chupa nne za parachichi wakati zimeondoka mbili, na mafuta ya nazi haijayagusa kabisa. Hakuna mwizi wala hasara ya pesa hapo, ila hesabu mbili zimeharibika kwa pigo moja.

Sasa tazama namna mlango unavyojifunga. Tuseme mfumo umeelekezwa kuagiza kartoni mpya ya chupa 24 hesabu ya mafuta ya nazi ikishuka hadi sita. Pengo lingekuwa la chupa tano tu, hesabu ingefika sita wakati shelfuni imebaki moja, oda ingetoka, na pengine hakuna ambaye angejua kwamba kuna kosa. Pengo likifika nane, mambo yanageuka. Chupa ya mwisho inauzwa, shelfu inakuwa tupu, na kompyuta inasoma nane. Ili ishuke hadi sita ni lazima ziuzwe mbili nyingine, na hazipo. Kwa kuwa hakuna cha kuuza, hesabu haisogei. Kwa kuwa haisogei, oda haitoki. Makosa madogo madogo yanajikusanya kimya kimya mpaka yanavuka kile kiwango cha kuagizia, kisha bidhaa inakwama.

Si jambo la maduka yenye uzembe peke yake. Mwaka 2008 watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha uchunguzi wa rekodi karibu 370,000 katika maduka 37 ya kampuni moja kubwa ya Marekani. Asilimia 65 ya rekodi hazikulingana na mali iliyokuwepo. Nyingine zilikosea kwa kuzidisha, nyingine kwa kupunguza, kama yale ya nazi na parachichi.

Basi hutambuliwaje? Dalili kubwa ni ukimya. Ikiwa mafuta hayo kwa wastani yanauzwa chupa mbili kwa siku, siku moja bila mauzo si ajabu. Kwa bahati tu hutokea kama mara 14 katika siku 100. Siku mbili mfululizo ni kama mara mbili katika 100. Siku tatu ni karibu mara moja katika 400. Ikiwa kompyuta inasema zipo nane na siku tatu hakuna hata moja iliyouzwa, mtu anyanyuke akatazame.

Lakini siku tatu si kipimo cha kila kitu. Rangi ya viatu inayouzwa mbili kwa mwezi inaweza kukaa siku tatu bila mnunuzi ikiwa shelfuni kama kawaida. Ili ukimya wake uwe na uzito ule ule itabidi usubiri miezi mitatu. Kanuni iliyo chini ya hesabu hizi ni moja: ngoja muda ambao kwa kawaida zingeuzwa kama sita, na kama haikuuzwa hata moja, shuku. Maduka makubwa huachia kompyuta kazi hii, nayo kila asubuhi hutoa orodha ya bidhaa zilizonyamaza. Kanuni hiyo inategemea wateja wanaokuja mmoja mmoja. Penye mnunuzi wa jumla anayebeba dazeni kwa mpigo kisha asionekane, ukimya mrefu ni wa kawaida, na orodha itajaa tuhuma za bure. Pia bidhaa inaweza kunyamaza kwa sababu bei imepanda, au imefunikwa na maboksi ya ofa.

Kwa hiyo orodha peke yake haitoshi, miguu inahitajika. Kabla ya kufungua, mfanyakazi hupita shelfu kwa shelfu, na kila penye nafasi tupu husoma hesabu ya kompyuta. Ikisema sifuri, sawa. Ikisema nane, anaingia stoo. Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka: wanaandika sifuri bila kutafuta, kumbe kartoni iko nyuma ya magunia ya unga, na oda ya pili inakuja juu ya mzigo ambao haujauzwa.

Maduka ya nguo yana njia nyepesi zaidi. Kampuni ya Zara ilianza kutangaza mwaka 2014 kwamba inaweka vitambulisho vya redio kwenye nguo zake. Mfanyakazi hupita na kifaa mkononi, nacho husoma mamia ya nguo kwa muda mfupi bila kuzigusa. Kwa chupa za maji au makopo ya nyanya kazi ni ngumu zaidi, maana chuma hurudisha mawimbi, na vimiminika vyenye maji huyameza. Kwenye duka la vyakula bado macho ya mtu yanahitajika.

Rekodi ya mafuta ya nazi ikishasahihishwa kuwa sifuri, oda itatoka usiku huo huo. Ila mchunguzi hodari haondoki hapo. Anasogea hatua moja kando na kuhesabu ya parachichi. Akikuta chupa mbili zaidi ya zile ambazo kompyuta inazijua, ameshapata sehemu ya jibu, na anajua ni kaunta gani aende kuzungumza nayo.