Jani la Maharage Latoa Ushahidi

Mwalimu akisema jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, darasa huitikia tu, maana hakuna kinachoonekana. Lakini wanga, ambao jani huuweka akiba baada ya usanisinuru, unaweza kuonekana: ukiguswa na iodini hugeuka rangi ya buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Shule isiyo na maabara inahitaji iodini ya duka la dawa, spiriti, sufuria, jiko la mkaa na mche wa maharage uliooteshwa kwenye kopo.

Kazi huanza siku mbili kabla ya kipindi. Kopo hufungiwa kwenye kabati lenye giza kwa saa 48 ili majani yamalize akiba yake ya wanga. Hatua hii ikirukwa, jani zima litageuka jeusi, na jaribio halitakuwa limethibitisha kitu. Asubuhi ya siku ya tatu, ukanda wa karatasi ya fedha hukunjwa na kubanwa katikati ya jani moja, juu na chini, bila kulichuma. Kisha kopo huwekwa juani kwa saa sita hivi.

Mchana, wanafunzi huchora jani na mahali ukanda ulipo, kisha hulichuma na kuuondoa ukanda. Jani huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja ili lilainike, iodini ipate kupenya.

Sasa ni zamu ya spiriti, inayoondoa rangi ya kijani ambayo ingeficha jibu. Mvuke wake hushika moto upesi, kwa hiyo mwalimu mwenyewe huepua sufuria na kuipeleka mbali na jiko. Ndipo huweka ndani yake kikombe cha bati chenye spiriti na jani, bila kuyaacha maji yaingie kikombeni. Joto la maji hayo linatosha. Yakipoa, huletwa mengine. Baada ya dakika kumi hivi jani hupauka. Kwa kuwa spiriti hulikausha likawa rahisi kuvunjika, huchovywa tena kwenye maji ya moto, kisha hutandazwa juu ya sahani nyeupe.

Iodini huchanganywa na maji mpaka ifanane na chai ya rangi, halafu hudondoshwa juani na kivulini mwa jani. Palipopata mwanga hugeuka peusi. Palipofunikwa hubaki na rangi ya iodini. Jani lote likibaki la kahawia, huenda kulikuwa na mawingu mengi. Likiwa na mabaka ya kijani, lilitolewa mapema kwenye spiriti.

Hapo mwalimu huuliza: sehemu iliyofunikwa ilikuwa ya kijani kama nyingine, mbona haina wanga? Wanafunzi hurudi kwenye michoro yao, na jibu wanalipata wenyewe: ukijani peke yake hautoshi, mpaka mwanga ulifikie jani.