Mifuko mia sita ya unga

“Mama, ukichukua mia mbili nakupa kwa sitini na tisa. Ukichukua mia sita, nakupa sitini na nane.”

Ni kauli ya kawaida kwenye duka la jumla. Tuseme anayeambiwa ni mama mwenye bekari Mbagala, anayetumia mifuko 100 ya unga wa ngano wa kilo 50 kila mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka. Amezoea kununua kwa shilingi 70,000 kwa mfuko. Anapiga hesabu ya haraka kichwani: nikipunguziwa elfu mbili kila mfuko, mara 1,200, hiyo ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Nani aiache pesa hiyo mezani?

Bei za hapa ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ziende vizuri. Mtego wenyewe si wa mfano. Hesabu ya kichwani ya mama huyu ni sahihi kabisa, ila ni theluthi moja tu ya hesabu nzima.

Theluthi ya pili ni gharama ya kuagiza. Kila anapofuata unga anakodi gari kwa 60,000, na nauli zake na usumbufu wa siku hiyo tuuhesabu 10,000. Jumla ni 70,000 kwa kila safari, awe amenunua mingi au michache. Angalia kwamba sikuweka ujira wa makuli humo. Makuli hulipwa kwa mfuko, na kinacholipwa kwa mfuko ni sehemu ya bei ya mfuko, hakipungui kwa kupunguza safari. Wengi hulichanganya hili, na matokeo yake safari inaonekana ghali kuliko ilivyo, kisha mtu anashawishika kujaza stoo.

Theluthi ya tatu ndiyo isiyotolewa risiti: gharama ya kuuweka unga. Bekari hii inaendeshwa kwa mkopo wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na kila mfuko uliolala stoo ni pesa ya mkopo iliyolala. Ongeza kodi ya chumba, panya, wadudu, na mifuko inayochanika, tuseme asilimia 6 nyingine. Kwa hiyo kuuweka mfuko wa 70,000 mwaka mzima kunamgharimu asilimia 24 ya bei yake, yaani 16,800.

Sasa, gharama hizi mbili zinavutana. Ukiagiza kidogo kidogo, gari linakumaliza. Ukiagiza nyingi, stoo inakumaliza. Mahali zinapolingana ndipo jumla yake inakuwa ndogo kuliko pengine pote. Mhandisi wa Kimarekani, Ford Harris, alilionyesha hilo mwaka 1913 katika makala fupi kwa watu wa viwanda, waliokuwa wakijiuliza watengeneze vipande vingapi kwa mkupuo mmoja. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo huandikwa hivi:

Q = √(2DS / H)

D ni mahitaji ya mwaka, S ni gharama ya kuagiza mara moja, na H ni gharama ya kuweka mfuko mmoja kwa mwaka. Kwa bekari yetu: mara mbili ya 1,200, mara 70,000, ni 168,000,000. Gawanya kwa 16,800 upate 10,000. Kipeo chake cha pili ni 100. Basi kiasi nafuu cha kuagiza ni mifuko 100, mara moja kwa mwezi, jambo ambalo mama huyu amekuwa akilifanya bila kanuni yoyote.

Tuthibitishe. Safari 12 ni 840,000. Na stoo je? Unga ukiingia ni mifuko 100, siku ya mwisho ni sifuri, kwa hiyo kwa wastani humo ndani kuna 50. Hiyo 50 mara 16,800 ni 840,000 pia. Zimelingana, kama ilivyotakiwa.

Katika swali la Harris bei ya kitu haikubadilika kwa kuagiza kingi au kidogo, kwa hiyo aliweza kuiacha nje ya mizani. Ulipe 84,000,000 kwa unga wa mwaka kwa safari 12 au kwa safari 6, ni zile zile. Lakini muuzaji akishasema “ukichukua mia mbili,” bei inategemea kiasi, na lazima irudishwe kwenye hesabu. Ukiiacha nje, mifuko 100 itashinda daima na kila punguzo litaonekana hasara. Ukiitazama yenyewe peke yake, punguzo kubwa litashinda daima. Inabidi zote tatu zijumlishwe, kwa kila ngazi ya bei, kisha jumla zilinganishwe.

Tunaanza na bei tunayoijua. Kwa 70,000, kuagiza 100 kila mara: unga 84,000,000, safari 840,000, stoo 840,000. Jumla ya mwaka ni 85,680,000.

Ngazi ya pili ni 69,000, kuanzia mifuko 200. Gharama ya kuweka mfuko inashuka kidogo, inakuwa 16,560, na kanuni inatoa karibu mifuko 101. Lakini 101 haipati bei hiyo! Muuzaji anataka 200. Basi tufanyeje? Hapa umbo la gharama linatusaidia. Linafanana na bakuli: linashuka hadi kiasi nafuu, kisha linapanda. Ukishavuka sehemu ya chini, kila mfuko unaoongeza unakupandisha ukingoni. Kwa hiyo katika ngazi hii, pa gharama ndogo kuliko pote ni pale unaporuhusiwa kuanzia, yaani 200 kamili. Hakuna haja ya kujaribu 250 wala 300. Unga ni 82,800,000, safari sita ni 420,000, stoo yenye wastani wa mifuko 100 ni 1,656,000. Jumla ni 84,876,000. Gharama ya stoo imekaribia kuongezeka maradufu, na bado mama ameokoa 804,000 kwa mwaka.

Ngazi ya tatu ni ile iliyomtoa mate: 68,000 kuanzia mifuko 600. Kwa sababu ile ile tunapima 600 kamili. Unga unashuka hadi 81,600,000. Safari ni mbili tu, 140,000. Ila stoo sasa ina wastani wa mifuko 300, na kila mmoja unagharimu 16,320 kuuweka, jumla 4,896,000. Ukijumlisha unapata 86,636,000.

Bei ndogo kuliko zote imezaa mwaka wenye gharama kubwa kuliko yote. Imepitwa na mifuko 200 kwa 1,760,000, na hata ule mtindo wa zamani wa mifuko 100 bila punguzo lolote unaishinda kwa 956,000. Ile milioni mbili na laki nne ya kichwani ilikuwapo kweli, lakini ilimezwa na stoo.

Na hapo nimemhurumia. Mifuko 600 ni tani 30. Kama gari alilokodi hubeba tani 10, basi mifuko 200 inajaza gari moja na 600 inataka magari matatu, kwa hiyo safari moja haigharimu tena 70,000. Kanuni inadhani gharama ya kuagiza haibadiliki hata uagize kiasi gani. Gari halijui kanuni. Halafu mfuko wa mwisho utafunguliwa mwezi wa sita. Kabla ya kulipa, msomaji aangalie tarehe ya mwisho ya matumizi iliyoandikwa kwenye mfuko na aihesabu kutoka siku atakayoufungua.

Kuna swali moja la kumuuliza muuzaji kabla ya kushika kikokotoo: punguzo ni la mifuko yote, au ni la inayozidi tu? Hapa juu tumechukulia ni la yote. Kama bei mpya inahusu mifuko inayozidi 200 peke yake, basi aliyenunua 200 hajapunguziwa hata senti, na hesabu yetu yote ya ngazi ya pili imeanguka. Wauzaji hawadanganyi katika hili, ila husema sentensi fupi, na mnunuzi huijaza mwenyewe.

Namba ninayoishuku kuliko zote, hata hivyo, ni ile asilimia 24. Idadi ya mifuko ya kuagiza haina makali kiasi hicho: ukiagiza 120 badala ya 100 kwa bei ya 70,000, gharama ya mwaka inapanda kwa 28,000 tu, kwa kuwa bakuli letu ni pana chini. Lakini asilimia ya kuweka ndiyo inayoamua ngazi ipi ishinde. Nimeirudia hesabu kwa asilimia 12: mifuko 200 bado inashinda, kwa 140,000 tu. Kwa asilimia 10, mifuko 600 inashinda kwa 130,000. Mpaka uko karibu na asilimia 11.

Ndiyo maana bekari mbili za mtaa mmoja, zenye kutumia unga ule ule, zinaweza kupewa bei zile zile na zikafanya maamuzi tofauti, na zote zikawa sahihi. Yenye mkopo ichukue 200. Yenye pesa yake yenyewe na stoo kavu isiyolipiwa kodi inaweza kufikiria 600. Nasema kufikiria, kwa sababu pesa yako mwenyewe nayo si ya bure. Kama ingeweza kununua tanuri la pili, basi faida ya tanuri hilo ndiyo riba unayojitoza.

Kwa hesabu hizi mama wa Mbagala anaweza kurudi dukani na jambo la kusema. Anaweza kudai bei: ili mifuko 600 ishinde 200 kwa mkopo wake, bei ishuke hadi kama 66,600. Muuzaji huenda akacheka. Anaweza pia kuiacha bei ilivyo na kugusa kile kinachomuumiza, yaani unga unaolala:

“Mia sita nachukua, kwa sitini na nane kama ulivyosema. Lakini leo napakia mia mbili na kulipa mia mbili. Mia mbili nyingine baada ya miezi miwili, na za mwisho miwili tena.”

Akikubaliwa, safari zinabaki sita, 420,000. Stoo ina wastani wa mifuko 100, kwa 1,632,000. Unga ni 81,600,000. Jumla ya mwaka inakuwa 83,652,000, pungufu ya 1,224,000 kuliko ngazi iliyoshinda. Muuzaji naye amejihakikishia mteja wa miezi sita. Kazi iliyobaki ni kukubaliana nani atabeba mzigo endapo kiwanda kitapandisha bei kabla ya mia mbili za mwisho kupakiwa, na hilo liandikwe.