Chanjo ya Surua: Asilimia Ngapi Zinatosha, na Watoto Wangapi Wamebaki?

Kiwango cha chanjo kinachohitajika katika jamii hutegemea kwanza ugonjwa wenyewe unavyoambukiza. Uwezo huo hupimwa kwa swali moja: mgonjwa mmoja akiingia mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja mwenye kinga, atawaambukiza wengine wangapi? Kwa polio, makadirio ya kawaida ni watu 5 hadi 7. Kwa surua ni watu 12 hadi 18, na ndiyo maana surua huhesabiwa miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kuliko yote. Virusi vyake husafiri kwa hewa na huweza kubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Isitoshe, mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku 4 hivi kabla upele haujatokea, wakati ambapo nyumbani bado wanadhani ana mafua tu.

Kutokana na idadi hiyo, kiwango cha kinga kinachozuia mlipuko hupatikana kwa hesabu nyepesi. Iwapo mgonjwa mmoja wa surua angeambukiza watu 15, mlipuko utazimika ikiwa kati ya hao 15 angalau 14 wana kinga, kwa sababu hapo atabaki mmoja tu wa kuambukizwa na idadi ya wagonjwa haitaongezeka. Kumi na nne kati ya 15 ni asilimia 93.3. Ikiwa R ni idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja angewaambukiza, kanuni huandikwa hivi:

kiwango cha kinga = 1 − 1/R

Kwa R ya 12, jibu ni asilimia 91.7, kwa R ya 18, ni asilimia 94.4. Kwa polio yenye R ya 6, ni asilimia 83 hivi. Jamii ikivuka kiwango hicho, hata wasioweza kuchanjwa, kama vile mtoto mchanga au mtu ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika sana, huwa salama zaidi, kwa kuwa ugonjwa haupati njia ya kuwafikia. Hali hiyo huitwa kinga ya jamii. Pepopunda haiingii katika hesabu hii. Vijidudu vyake hukaa udongoni na haviambukizwi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo aliyechanjwa hujikinga yeye mwenyewe na hamkingi jirani yake.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuichukua asilimia ya kinga kana kwamba ni asilimia ya waliochanjwa. Aliyechomwa sindano si lazima awe amepata kinga. Nchini Tanzania na Kenya mtoto hupewa dozi ya kwanza ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Katika umri wa miezi 9 dozi moja hukinga watoto 85 hivi katika kila 100. Sehemu ya sababu ni kwamba baadhi yao bado wana mabaki ya kinga waliyoipata kwa mama kabla ya kuzaliwa, na mabaki hayo huizuia chanjo kufanya kazi. Mtoto anayeipata akiwa ametimiza mwaka au zaidi ana nafasi nzuri zaidi, karibu 93 katika 100. Baada ya dozi mbili, wanaokingika hufikia 97 hivi katika 100.

Kwa hiyo, hata kama kila mtoto angepata dozi ya miezi 9, jamii ingebaki na kinga ya asilimia 85 tu, chini ya 93.3 zinazohitajika. Dozi ya pili ipo hasa kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika. Kiwango cha chanjo hupatikana kwa kugawa kiwango cha kinga kwa uwezo wa chanjo: 93.3 ikigawanywa kwa 0.97 ni asilimia 96.2. R ikiwa 12, ni asilimia 94.5. Lengo la asilimia 95 kwa dozi mbili, ambalo Shirika la Afya Duniani limekuwa likilihimiza kwa surua, liko katika eneo hilo hilo.

Hesabu ya watoto waliobaki huonekana vizuri zaidi kwa mfano wa kata ya kubuni yenye watoto 3,000 wa umri kati ya miezi 18 na miaka mitano. Kadi zao za kliniki zikikaguliwa, watoto 2,100 wana dozi mbili, 540 wana dozi moja ya miezi 9, na 360 hawana dozi yoyote. Taarifa ya kata itasema kwamba waliopata angalau dozi moja ni 2,640, yaani asilimia 88. Msomaji wa taarifa hiyo atatoa 88 katika 95, apate asilimia 7, kisha aseme wamebaki watoto 210.

Jibu hilo ni pungufu. Miongoni mwa watoto 2,100 wenye dozi mbili, waliokingika ni 2,037. Miongoni mwa 540 wenye dozi moja ni 459. Jumla ni 2,496, sawa na asilimia 83.2 ya watoto wote. Kinga inayotakiwa, yaani 14 kati ya kila 15, ni watoto 2,800. Pengo ni watoto 304 wenye kinga. Wale 210 wakipatikana na kuchanjwa dozi moja katika umri wao wa sasa, watakaokingika kati yao ni 195 hivi, na kata itafika asilimia 89.7. Bado watapungua watoto 109.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwatafuta wasiochanjwa kabisa. Kila mmoja wao huongeza kinga kwa 0.93, kwa hiyo 304 ikigawanywa kwa 0.93 ni watoto 327. Kata italazimika kuwafikia watoto 327 kati ya 360. Njia ya pili ni kuanza na wale 540 wenye dozi moja, ambao ni rahisi kuwapata kwa sababu majina yao yamo katika rejista ya zahanati. Lakini 459 kati yao tayari wana kinga, hivyo sindano 540 zitaongeza watoto 65 tu wenye kinga mpya. Baada ya hapo bado watahitajika watoto 257 wasio na dozi yoyote, na sindano zote pamoja zitakuwa 797. Dozi ya pili haiepukiki, kwa kuwa bila hiyo lengo halifikiki siku zote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pengo la sasa iko kwa mtoto ambaye hajawahi kufikishwa kliniki.

Hesabu yote hii ni sahihi kwa kadiri idadi ya watoto iliyo chini ya mstari ilivyo sahihi. Kwa kawaida idadi hiyo haitokani na kuhesabu nyumba kwa nyumba, bali na makadirio ya sensa yaliyoongezwa mwaka baada ya mwaka. Kata iliyopokea wahamiaji wengi huwa na watoto wengi kuliko makadirio, na asilimia yake ya chanjo huonekana kubwa kuliko ilivyo. Dalili iliyo wazi kabisa ni taarifa inayoonyesha asilimia 104 au 110. Ama watoto wamekadiriwa pungufu, ama zahanati inachanja pia watoto wa kata jirani. Namna ya kuhakikisha ni kuchagua kaya kwa bahati nasibu, kuzitembelea na kusoma kadi za watoto, kisha kulinganisha matokeo na rejista.

Wastani nao huficha mengi. Kanuni ya 1 − 1/R huchukulia kwamba watu wote wanachangamana sawasawa, jambo ambalo halitokei. Kata ya mfano ikiwa na vijiji vitano vyenye watoto 600 kila kimoja, na 200 kati ya wale 360 wasiochanjwa wakawa katika kijiji kimoja kilicho mbali na zahanati, basi huko mtoto mmoja katika kila watatu hana dozi yoyote. Wastani wa kata unaweza kupandishwa kwa kuchanja katika vijiji vingine vinne, na surua bado ikapata pa kuanzia katika kile cha tano. Ndiyo maana orodha ya waliobaki hufaa zaidi ikitengenezwa kwa kijiji au kitongoji kuliko kwa wilaya.

Tukio la Samoa, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki yenye watu 200,000 hivi, linaonyesha pengo linavyofanya kazi. Mwaka 2018 watoto wawili walifariki baada ya chanjo yao kuchanganywa kimakosa na dawa nyingine badala ya maji yake maalumu. Utoaji wa chanjo ulisimamishwa kwa miezi kadhaa, imani ya wazazi ikashuka, na makadirio ya kimataifa yaliweka dozi ya kwanza ya mwaka huo kwenye asilimia 31 hivi. Mwishoni mwa 2019 surua ilipoingia, watu zaidi ya 5,700 waliugua na 83 walifariki, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mapema Desemba serikali ilifunga shughuli kwa siku mbili na kuzitaka familia zenye mtu asiyechanjwa zitundike kitambaa chekundu mbele ya nyumba, ili wachanjaji wajue pa kuingia. Kampeni hiyo iliwafikia karibu asilimia 95 ya walengwa, na mlipuko ukazimika.

Pengo likizibwa leo halibaki limezibwa, kwa sababu watoto huendelea kuzaliwa. Katika kata ya mfano, watoto 3,000 wa miaka mitatu na nusu ni sawa na 857 hivi kwa mwaka. Huduma ikibaki kama ilivyokuwa, asilimia 16.8 ya kila kundi hukosa kinga, yaani watoto 144 kwa mwaka. Wapangaji wa chanjo hutumia kipimo hiki: idadi ya watoto wadogo wasio na kinga ikikaribia idadi ya watoto wanaozaliwa kwa mwaka mmoja, mlipuko mkubwa uko karibu. Kwa kata hii hali hiyo ingefikiwa baada ya miaka 6 hivi, na kampeni ya kuwachanja wote kwa pamoja inapaswa kufanyika kabla ya hapo. Iwapo huduma ya kawaida ingefikisha dozi zote mbili kwa asilimia 97 ya watoto, wasio na kinga wangepungua hadi 51 hivi kwa mwaka, hata kama asilimia 3 waliobaki hawangepata dozi yoyote, na muda huo ungefika karibu miaka 17.