Fahamu: Amana ya Muda Maalumu Inapohuishwa Yenyewe
Mtu aliyeweka benki nchini Tanzania shilingi 10,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, hustahiki shilingi 900,000 muda utimiapo, nazo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, zikabaki 810,000. Lakini asipoleta maagizo kabla ya siku hiyo, na mkataba ukiwa na sharti la kuhuishwa, fedha hufungwa tena kwa muda uleule, kwa riba ya siku ile, ambayo yaweza kuwa duni. Hapo ndipo wengi huhasirika: mwenye fedha akizihitaji katika mwezi wa tatu wa muda huo mpya kwa ajili ya maradhi, benki nyingi humnyima riba ya miezi hiyo, yote au baadhi, ingawa rasilimali husalimika. Heri sharti hilo asilikubali tangu siku ya kutia saini.