MAELEZO KUHUSU SIRI ZA WAGONJWA NA PROGRAMU ZA MAZUNGUMZO

Mwezi Mei 2023, Mtendaji Mkuu wa huduma za afya za kusini mwa jiji la Perth, Australia Magharibi, Bwana Paul Forden, aliwaandikia barua watumishi wa hospitali tano zilizo chini yake. Aliwataka waache mara moja kutumia programu za akili mnemba, ikiwemo ChatGPT, kwa kazi yoyote inayogusa taarifa za wagonjwa. Barua ilitolewa baada ya kubainika kuwa programu hiyo imetumika kuandikia maelezo ya matibabu. Baadaye idara ilieleza kuwa aliyehusika ni daktari mmoja, na kwamba hakuna siri ya mgonjwa iliyovuja. Amri hata hivyo ilibaki, kwa kuwa hapakuwa na uhakika wa usiri.

Watumishi wa afya wa visiwani nao wanazo programu hizo katika simu zao. Kwa hiyo ni vyema sababu za amri ya namna hiyo zikaeleweka.

Kwanza, maneno au picha inayotiwa katika programu ya mazungumzo ya umma haibaki katika simu. Hupelekwa kwenye seva za kampuni, mara nyingi katika nchi nyingine, na huhifadhiwa huko. Kutegemea masharti na mpangilio wa akaunti, yaweza kutumika kuifunza programu au kusomwa na watumishi wa kampuni. Kuifuta katika kioo cha simu si dhamana. Mwezi Mei 2025, mahakama moja ya New York iliiamuru kampuni ya OpenAI kuhifadhi hata mazungumzo ambayo watumiaji walikwisha kuyafuta, kwa ajili ya kesi iliyokuwa ikiendelea. Wajibu huo ulikoma mwezi Septemba mwaka huo, lakini katika muda wote huo aliyefuta hakuwa na uwezo wa kuondoa alichokipeleka.

Pili, kuondoa jina la mgonjwa hakutoshi. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts, Marekani, liliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wake baada ya kuondoa majina. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Latanya Sweeney, alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulilinganisha na kumbukumbu hizo. Watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa sawa na ya Gavana William Weld. Watatu kati yao walikuwa wanaume, na mmoja tu aliishi katika eneo la posta la Gavana. Kwa tarehe, jinsia na eneo pekee, kumbukumbu za Gavana zilitambulikana.

Kisiwani jambo hilo ni jepesi zaidi. Chukua mfano wa muuguzi anayeandika: "Mwanamke wa miaka 34, wa shehia fulani, amejifungua pacha watatu Jumanne." Hakuna jina, lakini shehia nzima inamjua. Kanuni za Marekani za siri za wagonjwa zina njia moja inayotaka kuondolewa aina 18 za taarifa, zikiwemo picha ya uso, tarehe zote isipokuwa mwaka, na eneo lolote dogo kuliko jimbo. Kwa kipimo hicho, jina la shehia peke yake linatosha kuiharibu siri.

Picha ina hatari ya ziada. Picha ya simu huchukua ndani yake tarehe, saa na aina ya simu, na kama huduma ya mahali imewashwa, huchukua pia vipimo vya mahali ilipopigwa. Picha ya kidonda isiyoonesha uso yaweza kuonesha alama ya kuzaliwa, kitambulisho cha kitanda, au faili lililo wazi mezani.

Mtumishi anaweza kuuliza juu ya maradhi kwa ujumla, bila ya kumhusisha mtu, na jibu lazima lithibitishwe katika miongozo ya tiba kabla ya kutumika. Swali linalomhusu mgonjwa mahsusi hupelekwa kwa daktari wa zamu au bingwa, kwa njia iliyoidhinishwa na hospitali.

Aliyekwisha kupeleka taarifa asizifute kimya kimya. Aandike alichopeleka, siku, saa na programu aliyotumia, amuarifu mkuu wake siku hiyo hiyo, kisha afute kwa maelekezo yake. Bila ya maandishi hayo, hospitali haitaweza kujua ni mgonjwa gani anayepaswa kuarifiwa.

Wananchi nao wanakumbushwa kuwa mgonjwa anayepigwa picha hospitalini anayo haki ya kuuliza picha hiyo ni ya kazi gani, itahifadhiwa wapi, na nani ataiona.